Uzi: Jedwali la pendulamu kwenye picha, grafu moja, lakini g mbili tofauti. Tuandike ipi kwenye hitimisho?

Neema_PCM

Habari za jioni wanajukwaa. Kundi letu lilifanya jaribio la pendulamu na kiongozi wetu akatutumia picha ya jedwali kutoka kwenye daftari lake. Picha imepigwa kwa mshazari, safu ya mwisho ya mraba wa T imekatwa, na kwenye mstari wa sentimita 70 kuna kivuli cha kidole, kiasi kwamba sijui kama muda ni 34.1 au 34.7. Nimenakili kila kitu kama ninavyokiona:

```
L (cm)   t ya mibembeo 20 (s)   T (s)
30       22.7                   1.14
40       26.0                   1.30
50       29.0                   1.45
60       31.6                   1.58
70       34.1 au 34.7 ?         1.71
80       36.3                   1.82
```

Tumeambiwa tuchore mraba wa T dhidi ya L, tutafute mteremko, kisha tupate g. Mwenzangu mmoja amepitisha mstari kwenye sifuri ya mihimili kwa sababu kanuni inasema uzi usipokuwa na urefu hakuna muda, naye amepata g = 9.49. Mwingine ameuacha mstari upite unapotaka na amepata 9.8 na kitu. Tayari kiongozi ameandika rasimu ya hitimisho: "Jaribio lilifanikiwa. g ni 9.49, na tofauti na 9.81 imesababishwa na upinzani wa hewa na makosa ya kibinadamu." Ripoti ni moja kwa kundi zima. Naomba msaada wa kuelewa mstari upi ni sahihi na kwa nini.

Baharia77

Dada Neema, thamani halisi ni 9.81, kwa hiyo mwenye 9.8 ndiye aliyepatia na suala limekwisha. Huyo wa 9.49 nadhani mliivuta gololi mbali sana wakati wa kuiachia. Pendulamu ikibembea kwa pembe kubwa huchelewa, mraba wa T unakuwa mkubwa kuliko inavyotakiwa, na g inashuka.

mwalimu_wa_maabara

Ndugu Baharia, majibu hayo mawili yametoka kwenye jedwali lilelile, kwa hiyo pembe waliyoiachia haiwezi kuwa ndiyo iliyoyatofautisha. Nitairudia hoja yako ya pembe baadaye kwa sababu ina ukweli ndani yake.

Neema, tuanze na picha, maana grafu haiwezi kuwa safi kuliko namba ulizozichukua. Mstari wa 70 unajieleza wenyewe. Safu ya tatu imetokana na safu ya pili kwa kugawa kwa 20. Ukigawa 34.1 unapata 1.705, ambayo mtu akiikadiria kwa desimali mbili huandika 1.71. Ukigawa 34.7 unapata 1.735, naye angeandika 1.74. Kwenye picha kuna 1.71, basi muda ni 34.1. Fanya ukaguzi huohuo kwa mistari yote sita, hata ile inayosomeka vizuri, kwa kuwa aliyenakili daftarini naye anaweza kuwa ameteleza.

Jambo la pili ni kwamba usipige mraba wa hizo T zilizokadiriwa. Chukua 22.7 gawanya kwa 20, upate 1.135, na mraba wake ni 1.288. Ukipiga mraba wa 1.14 unapata 1.300. Tofauti ya 0.012 inaonekana ndogo, lakini inakaribiana na hitilafu ambayo mkono wako unaileta unapobonyeza saa, na wewe umeiongeza bure ukiwa umekaa mezani. Kadiria mwishoni kabisa, baada ya kuupata mteremko.

Neema_PCM

Shikamoo mwalimu. Nimefanya hivyo. Mistari yote imekubaliana na safu ya T. Miraba niliyoipata, kuanzia L = 0.30 m hadi 0.80 m, ni 1.288, 1.690, 2.103, 2.496, 2.907 na 3.294. Nimebadilisha sentimita kuwa mita kabla ya kuchora.

mwalimu_wa_maabara

Marahaba. Sasa kabla ya kushika rula, gawanya kila mraba wa T kwa L yake na utafute g kwa kila mstari peke yake, kana kwamba kila mstari ni jaribio zima. Tuambie unaona nini.

Mchora_Grafu

Nami nina tatizo linalofanana na hili, naomba nilichomeke hapa. Nilipiga picha jedwali langu, nikaziingiza namba kwenye Excel, L safu ya A na mraba wa T safu ya D, nikaandika `=SLOPE(A2:A7,D2:D7)`. Nimepata mteremko 0.249, na nikigawa 4π² kwa hiyo naambulia g ya 159. Je, simu inasoma namba vibaya?

Chuo_Mwaka2

Simu haina kosa. Katika `SLOPE`, namba za mhimili wa wima ndizo zinazotangulia, na wewe umetanguliza za mlalo. Umepata mteremko wa L dhidi ya mraba wa T, yaani kinyume cha ule unaoutaka. Andika hivi:

```
=SLOPE(D2:D7,A2:A7)
=INTERCEPT(D2:D7,A2:A7)
```

Au bakia na 0.249 yako na uizidishe kwa 4π² badala ya kugawa, utapata karibu 9.83. Vizio ndivyo vingekushtua mapema. Mteremko unaoufaa mgawanyo wako una sekunde za mraba kwa kila mita, ilhali wako una mita kwa kila sekunde ya mraba.

Neema_PCM

Mwalimu, nimepata kwa mpangilio wa L kutoka fupi hadi ndefu: 9.20, 9.34, 9.39, 9.49, 9.51, 9.59. Zinapanda tu. Nilidhani zingeyumba juu na chini.

mwalimu_wa_maabara

Umeona kitu ambacho hitimisho la kiongozi wenu limekifukia. Kama tofauti ingekuwa ni mkono kutetereka kwenye saa, namba hizo zingepanda na kushuka bila utaratibu. Zinapopanda kwa mpangilio kadiri uzi unavyorefuka, kuna kitu cha kudumu kimeongezwa au kupunguzwa kwenye kila kipimo, na kitu hicho kinauumiza uzi mfupi zaidi kuliko mrefu. Sentimita 2 zikikosekana kwenye 30 ni hasara kubwa, zikikosekana kwenye 80 hazionekani sana.

Sasa chora. Weka L kwenye mhimili wa mlalo na mraba wa T kwenye wa wima. Sentimita 2 za karatasi ziwakilishe 0.10 m kwa mlalo na 0.40 s² kwa wima, grafu itajaa karatasi vizuri. Usianzishe mhimili wa mlalo kwenye 0.30, kwa sababu unataka kuona mstari unakatia wapi wima pale L inapokuwa sifuri kweli. Tena acha sentimita moja hivi ya karatasi upande wa kushoto wa sifuri, utaihitaji. Weka nukta kwa alama ndogo ya msalaba, halafu lala na jicho lako usawa wa karatasi utazame nukta zote kwa urefu, utauona mstari kabla hujauchora. Usiilazimishe rula kupita popote.

Kwa mteremko, usichukue nukta za jedwali. Chukua sehemu mbili zilizo juu ya mstari wenyewe, zilizo mbali, na ikiwezekana zinazoangukia kwenye misalaba ya gridi ili zisomeke bila ubishi.

Neema_PCM

Nimechora. Mstari unapita karibu na nukta zote sita. Nimechukua sehemu ya L = 0.25, ambapo mraba wa T ni 1.09, na ya L = 0.85, ambapo ni 3.50.

Mteremko = (3.50 − 1.09) / (0.85 − 0.25) = 2.41 / 0.60 = 4.02 s²/m

g = 4π² / 4.02 = 39.48 / 4.02 = 9.82 m/s²

Mstari haupiti kwenye sifuri. Unakata wima milimita 4 hivi juu yake, ambazo kwa skeli yangu ni 0.08 s². Nikiurefusha kushoto unakata mlalo kwenye −0.02 m au karibu na hapo. Nimeiweka picha ya grafu, mwaweza kuipima wenyewe kwa rula.

Chuo_Mwaka2

Grafu ni safi, lakini tusiipime kwa rula juu ya kioo. Picha imepigwa kwa pembe, na miraba ya juu ya karatasi ni midogo kuliko ya chini. Kusoma mahali mstari unapokatana na mistari ya gridi ni halali, kwa kuwa gridi imepinda pamoja na mstari. Kupima milimita za kwenye kioo si halali.

Nimeziingiza namba zako kwenye Excel. Mteremko ni 4.021 na mstari unakata wima kwenye 0.085. Ukiulazimisha upite kwenye sifuri, mteremko unakuwa 4.162, na hapo ndipo ilipotoka 9.49 ya mwenzenu.

mwalimu_wa_maabara

Sasa soma grafu inakuambia nini. Kama urefu halisi wa pendulamu si L mliyoiandika bali ni L na nyongeza c isiyobadilika, basi

T² = (4π²/g)(L + c)

na mteremko haujui lolote kuhusu c. Ndiyo sababu tunachora grafu badala ya kugawa mstari kwa mstari. Nyongeza inasukumwa yote kwenye ule mkato wa wima, na g inabaki salama. Kwa namba zenu c ni 0.085 gawanya kwa 4.02, yaani sentimita 2.1. Ndiyo hiyo −0.02 uliyoiona kushoto.

Urefu wa pendulamu hupimwa kutoka pale uzi unapobanwa hadi katikati ya gololi. Neema, mlipima hadi wapi?

Neema_PCM

Kiongozi anasema walipima kutoka kwenye vipande vya kizibo hadi kwenye fundo la uzi. Gololi ina kikulabu juu yake na fundo lilikuwa kwenye kikulabu hicho. Hakuna aliyeipima gololi, lakini upana wake anaukadiria kuwa sentimita 2.

mwalimu_wa_maabara

Basi nusu ya gololi ni sentimita 1, na iliyobaki ni kikulabu pamoja na fundo. Inaelekea ndiyo hiyo.

Kuhusu pembe ya Ndugu Baharia: ni kweli kwamba pembe kubwa hurefusha muda. Ukiiachia kwa digrii 20, T huongezeka kwa asilimia 0.8 hivi, na mraba wake kwa asilimia 1.5. Lakini ukiiachia kwa pembe ileile kila mara, miraba yote inazidishwa kwa kiasi kilekile. Mteremko unapanda na g inashuka hadi kama 9.67, ila pale mstari unapokata mhimili wa mlalo hapasogei hata kidogo. Pembe haiwezi kutengeneza −0.02 m. Vivyo hivyo kwa anayeanza kuhesabu "moja" anapoiachia gololi na kusimamisha saa kwenye "ishirini", huku imebembea mara 19 tu. Huyo g yake hupaa hadi karibu 10.9, lakini mstari wake hupita palepale.

Nao upinzani wa hewa hupunguza ukubwa wa kubembea, utaona gololi ikifupisha safari yake, lakini kwa gololi ndogo ya chuma muda wa kila mbembeo haubadiliki kwa kiasi ambacho saa yenu ingekigundua. Uondoeni kwenye hitimisho. Naona umekuwa kichaka cha kujifichia kwenye kila ripoti ninayosahihisha.

Chuo_Mwaka2

Mwalimu, nakubaliana na mteremko, ila sentimita 2.1 sizipokei moja kwa moja. Mpimaji akichelewa kusimamisha saa kwa sekunde 0.2 kila mara, muda wote unaongezeka kwa kiasi kilekile cha kudumu, na hilo nalo linaupandisha mkato. Nimepiga hesabu: sekunde 0.2 zingeongeza kwenye mkato kama 0.015 s², sawa na sentimita 0.4 za nyongeza ya uongo. Kwa hiyo pengine kikulabu na gololi vina sentimita 1.7 tu.

mwalimu_wa_maabara

Inawezekana, lakini mara nyingi mtu huchelewa kuanza na kuchelewa kumaliza, na kuchelewa huko kunafutana. Hatuwezi kulikata hili kwa jedwali hili. Wenye gololi waipime.

Baharia77

Nakubali kuhusu pembe. Lakini bado wamepata 9.82 na kitabu kinasema 9.81. Waandike tu kwamba wamekaribia kwa asilimia 0.1, waalimu wanapenda hivyo.

Chuo_Mwaka2

Hapo ndipo pa kuangalia sana, Baharia. 9.81 ni thamani inayofaa latitudo za Ulaya. Dunia inazunguka na imevimba katikati, kwa hiyo huku kwetu karibu na Ikweta g ni ndogo zaidi. Usawa wa bahari pale Dar es Salaam ni kama 9.78, na ukipanda milima ya Mbeya inashuka kidogo tena. Akijisifu kwamba amekosea kwa asilimia 0.1 tu, anajisifu kwa kuikaribia namba ya mahali pengine.

Na hata hivyo jaribio hili haliwezi kutenganisha 9.78 na 9.81. Neema, tumia njia ya mistari miwili. Chukulia kila muda unaweza kukosewa kwa sekunde 0.1. Kwenye L = 0.30 hiyo ni kama 0.011 s² juu au chini, na kwenye 0.80 ni kama 0.018. Chora mstari mkali zaidi unaoweza kupita, kutoka chini ya nukta ya kwanza hadi juu ya nukta ya mwisho, kisha chora mlegevu zaidi kinyume chake.

Neema_PCM

Mstari mkali unatoka 1.277 hadi 3.312, mteremko 4.07, g = 9.70. Mstari mlegevu unatoka 1.299 hadi 3.276, mteremko 3.95, g = 9.98 nikitumia desimali zote. Kumbe 9.49 haimo hata kidogo kati ya hizo.

Chuo_Mwaka2

Haimo, na hiyo ndiyo hoja ya kumpelekea mwenzako wa mstari wa sifuri, kuliko kumwambia tu kwamba kitabu kinakataa. Pia angalia mikato ya mistari hiyo miwili. Mkali unakupa nyongeza ya sentimita 1.4, mlegevu unakupa 2.9. Hata mstari mkali hauwezi kushuka hadi sifuri. Wala haushuki hadi sentimita 1, kwa hiyo nusu ya gololi peke yake haitoshi kuieleza, labda kuchelewa kwa saa nako kuwe kumechangia.

Mchora_Grafu

Samahani, kwangu mkato umetoka hasi, −0.05. Je, nami nilipima hadi kwenye fundo?

mwalimu_wa_maabara

La. Mkato hasi unasema L yako ni ndefu kuliko urefu halisi. Huenda ulipima hadi chini ya gololi, au ulianzia juu ya klampu badala ya pale kizibo kinapoubana uzi. Fungua uzi wako mwenyewe uweke na jedwali, tusije tukachanganya namba za watu wawili.

Neema_PCM

Nimeandika hitimisho hili. Naomba mlikosoe:

"Grafu ya mraba wa muda wa mbembeo dhidi ya urefu wa uzi ni mstari ulionyooka, na hilo linaafikiana na kanuni ya pendulamu. Kutokana na mteremko wa 4.02 s²/m, mchapuko wa mvutano wa dunia ni 9.818 m/s², na mistari ya mipaka inauweka kati ya 9.7 na 10.0 m/s². Thamani ya 9.78 inayotarajiwa karibu na Ikweta imo ndani ya mipaka hiyo. Mstari haupiti kwenye sifuri bali unakata mhimili wa wima kwenye 0.08 s², ikimaanisha kwamba urefu ulioandikwa ni pungufu kwa takriban sentimita 2. Urefu ulipimwa hadi kwenye fundo badala ya katikati ya gololi, na inaelekea hiyo ndiyo sababu kuu, ingawa kuchelewa kusimamisha saa kungeweza kuchangia. Upungufu huo hauathiri mteremko. Ili kuthibitisha, gololi na kikulabu chake vipimwe kwa kalipa."

mwalimu_wa_maabara

Badilisha 9.818 iwe 9.8. Huwezi kuandika desimali ya tatu halafu kwenye sentensi hiyohiyo ukakiri kwamba hata ya kwanza inayumba. Na baada ya "mstari ulionyooka" ongeza maneno "kwa urefu wa kati ya 0.30 na 0.80 m", kwa kuwa nje ya hapo hamkupima. Mengine yaache yalivyo.

Neema_PCM

Nimebadilisha yote mawili. Kiongozi amekubali kuifuta 9.49, ila anataka "makosa ya kibinadamu" yabaki.

Chuo_Mwaka2

Muulize ni kosa lipi, la nani, na lilisogeza namba upande gani. Akijibu, liandikeni hilo jibu lake badala ya maneno hayo.